Cheti cha Maskati, Kidato cha Tano cha Dar es Salaam

Familia inarudi Dar es Salaam baada ya miaka kadhaa Omani. Mkataba wa kazi wa baba umekwisha, makontena yako njiani, na binti wa miaka 16 ana bahasha yenye matokeo ya darasa la 10 kutoka shule ya Kihindi ya Maskati, moja ya zile zinazopokea pia watoto wa mataifa mengine. Wazazi wanataka aanze Kidato cha Tano mwezi Julai. Mkuu wa shule binafsi waliyoichagua anaziangalia zile karatasi, anaziona alama ni nzuri, anasema mtoto aje, mengine yatafuata. Mfano huu nimeutunga mwenyewe, lakini kila kipande chake kinawakuta wazazi wanaorudi, na hayo "mengine yatafuata" ndiyo yanayoweza kumwacha mtoto njia panda.

Nitaifuata safari ya binti huyu hatua kwa hatua, kwa sababu ndani yake mna karibu kila swali ambalo serikali itamuuliza mzazi.

Swali la kwanza halimhusu mtoto hata kidogo. Linauliza cheti hiki ni cha nani. Mzazi husema mwanangu amesoma Omani, kwa hiyo cheti ni cha Omani. Sivyo. Shule za Kihindi za Maskati hufuata Bodi Kuu ya Elimu ya Sekondari ya India, inayojulikana kwa kifupi chake CBSE, yenye makao yake Delhi. Bodi hiyo ndiyo inayotunga mtihani, inayosahihisha na inayotoa cheti. Omani ni mahali tu ambapo mtoto aliketi akafanya mtihani. Vivyo hivyo mtoto aliyefanya mitihani ya Cambridge akiwa Nairobi ana cheti cha Kiingereza, si cha Kenya, na aliyefanya KCSE ana cheti cha Baraza la Mitihani la Kenya hata kama yeye ni Mtanzania wa Arusha. Nchi aliyoishi mtoto itaulizwa kwenye fomu, lakini kinachotambuliwa ni chombo kilichosimama nyuma ya karatasi. Ukikosea hapa utahangaika na ofisi zisizokuhusu.

Kwa Tanzania, ofisi yenye kauli juu ya cheti cha mtihani wa sekondari kutoka nje ni Baraza la Mitihani la Tanzania, NECTA, chombo kilichoundwa kwa sheria ya mwaka 1973 na kilicho chini ya Wizara ya Elimu. Baraza hupokea cheti, huthibitisha kwamba bodi iliyokitoa inatambulika na kwamba matokeo ni ya kweli, kisha hutoa barua ya ulinganifu inayosema matokeo haya yanasimama wapi yakipimwa kwa mizani ya Kidato cha Nne au cha Sita ya hapa kwetu. Vyeti vya ufundi na stashahada huenda NACTVET, na shahada huenda TCU. Wazazi wengi huanzia TCU kwa kuwa wamelisikia jina lake, na huko wanaambiwa warudi NECTA.

Kando ya ulinganifu kuna jambo la pili ambalo watu hulichanganya nalo, nalo ni ruhusa ya kuendelea na masomo. Hiyo ni kazi ya Wizara yenyewe, kupitia kwa Kamishna wa Elimu. Ulinganifu unahusu mtihani uliokwisha kufanywa, ilhali ruhusa inahusu darasa ambalo mtoto anataka kuingia. Mtoto aliyekatishwa darasa la 7 au la 9 hana cheti cha bodi yoyote, ana ripoti za shule tu. Huyo hana cha kulinganishiwa, anachohitaji ni kibali na kupangiwa darasa. Binti yetu ana vyote viwili vya kufanya. Familia ikihamia Unguja au Pemba, ruhusa inaombwa Wizara ya Elimu na Mafunzo ya Amali ya Zanzibar, lakini mtihani wa Kidato cha Nne na cha Sita ni wa NECTA pande zote mbili za Muungano, kwa hiyo ulinganifu unabaki palepale.

Sasa tuifungue ile bahasha. Karatasi kuu ni ile ya alama, ambayo kwa CBSE ndiyo pia cheti cha kufaulu, imeandikwa Kihindi na Kiingereza. Juu kuna jina la mtahiniwa, jina la mama, jina la baba, tarehe ya kuzaliwa na namba ya mtihani. Chini kuna jedwali. Kila somo lina namba yake, alama za mtihani wa kuandika, ambazo kwa masomo makuu ni 80, alama 20 zinazotolewa na shule yenyewe kwa kazi za darasani, jumla, na mwisho daraja kwa herufi na tarakimu.

Tuseme binti amepata 81 kwenye Kiingereza, 64 kwenye Hisabati, 72 kwenye Sayansi, 78 kwenye Maarifa ya Jamii na 85 kwenye Kiarabu. Mama anachukua viwango vya NECTA anavyovijua: A ni kuanzia 75 hadi 100, B ni 65 hadi 74, C ni 45 hadi 64, D ni 30 hadi 44. Anahesabu A tatu, B moja, C moja, anafurahi. Baba anaangalia herufi zilizoandikwa kwenye karatasi yenyewe, anaona B1, C1, B2, anaanza kuwa na wasiwasi. Wote wawili wamepotea, kila mmoja kwa njia yake.

Herufi za CBSE hazitokani na alama moja kwa moja. Bodi huchukua watahiniwa wote waliofaulu somo husika, inawapanga kuanzia wa juu hadi wa chini, halafu inawagawa mafungu manane yaliyo sawa. Fungu la juu kabisa linapata A1, linalofuata A2, kisha B1, B2, C1, C2, D1 na D2. Asiyefaulu anapewa E. Kwa hiyo C1 maana yake ni kwamba mtoto yuko katika fungu la tano miongoni mwa waliofaulu somo hilo mwaka huo. Haisemi alipata asilimia ngapi. Katika somo ambalo watu wengi wamepata alama za juu, mwenye 75 anaweza kuangukia fungu la kati, na katika somo gumu alama hiyohiyo inaweza kumpandisha. C yetu, kwa upande mwingine, ina mpaka wake wa alama ambao hautegemei wenzako wamepata nini. Anayelinganisha herufi kwa herufi anamdhulumu mtoto.

Mama naye, aliyechukua alama na kuziweka kwenye mizani ya NECTA, anasahau kwamba alama ya kufaulu CBSE ni 33, kwamba 20 kati ya 100 zilitoka mikononi mwa walimu wa shule, na kwamba mtihani ni mwingine kabisa. Kazi ya Baraza ni kuyatazama haya yote pamoja. Ndiyo maana hakuna mwalimu, wakala wala jamaa mwenye uzoefu anayeweza kukuhakikishia mapema kwamba 64 ya Maskati ni C ya Dar es Salaam.

Kuna jambo jingine ndani ya jedwali hilo ambalo ni zito kuliko alama, nalo ni namba za masomo. CBSE ina Hisabati za aina mbili kwa darasa la 10. Namba 041 ni ya kawaida, na namba 241 ni nyepesi, iliyoanza kutahiniwa mwaka 2020 kwa wanafunzi wasiokusudia kuendelea na Hisabati. Kwenye mazungumzo ya nyumbani zote zinaitwa Hisabati. Kwenye jedwali zinatofautiana kwa tarakimu moja. Binti akiwa na 241 na anataka mchepuo wa PCM, mzazi ajue mapema kwamba mtihani alioufanya ulilengwa kwa watoto wa njia nyingine, na mwalimu yeyote anayeifahamu bodi hiyo atauliza.

Kisha kuna Sayansi, namba 086. Hapa ndipo wengi wanapokwama, na sioni wazazi wakionywa ipasavyo. Kwetu Kidato cha Nne hufanya Fizikia, Kemia na Biolojia, mitihani mitatu, alama tatu. Mtoto wa CBSE hufanya karatasi moja ya Sayansi yenye mambo ya fani zote tatu ndani yake, na anapata alama moja. Maarifa ya Jamii, namba 087, nayo inabeba Historia, Jiografia, Uraia na Uchumi kwa mkupuo. Mwanafunzi wetu wa kawaida anatoka na masomo saba au zaidi, na daraja lake la jumla linahesabiwa kwa masomo saba aliyofanya vizuri zaidi. Binti anakuja na matano.

Sasa anataka kusoma PCB ili siku moja awe daktari. Kuingia Kidato cha Tano kunadai ufaulu wa angalau C katika masomo matatu, na mchepuo unadai ufaulu kwenye masomo yanayouunda. Barua ya ulinganifu itaonyesha masomo yaliyo kwenye cheti chake, na kwenye cheti hakuna Kemia. Baraza haliwezi kuandika Kemia ambayo bodi yake haikuiandika. Anachoweza kufanya mzazi ni kumwendea mkuu wa shule ya Maskati kabla ya kuondoka, aombe barua yenye muhuri inayoeleza Sayansi ya darasa la 9 na la 10 imebeba mada zipi za Fizikia, Kemia na Biolojia, aambatishe muhtasari wa somo na ripoti za ndani ya shule ambazo mara nyingi hutenganisha alama za fani hizo. Barua hiyo haigeuzi cheti, lakini inampa mwalimu wa taaluma wa huku kitu cha kushika anapoamua mtoto aingie mchepuo gani, na inaipa maana ombi la mzazi pale Wizarani. Asiye nayo anabaki kusema kwa mdomo tu kwamba mtoto alisoma.

Turudi kwenye karatasi nyingine zinazotakiwa kuwamo ndani ya bahasha. Kuna cheti cha uhamisho, kinachotolewa na shule baada ya kukamilisha ada na kurudisha vitabu. Familia zinazoondoka kwa haraka huacha deni dogo la basi au maktaba, zikidhani zitalipa baadaye, kumbe shule inashikilia cheti hicho mpaka deni liishe. Kuna cheti cha kuhama bodi, ambacho CBSE hukitoa kwa anayekwenda kusoma chini ya mamlaka nyingine. Kuna ripoti za darasa la 8 na la 9. Matokeo yenyewe yanapatikana pia kwenye DigiLocker, hifadhi ya nyaraka ya serikali ya India, na ni vizuri akaunti hiyo ifunguliwe kwa namba ya simu itakayoendelea kufanya kazi baada ya kuhama. Laini ya Omani ikifungwa, nywila inayotumwa kwa ujumbe wa simu haitamfikia mtu.

Halafu mihuri. Kwa kawaida karatasi za shule binafsi zinapita Wizara ya Elimu ya Omani, kisha Wizara ya Mambo ya Nje ya huko, kisha Ubalozi wa Tanzania Maskati. Watu hurudi nyumbani na karatasi imejaa mihuri, wakiamini kazi imekwisha. Muhuri wa ubalozi unathibitisha kwamba saini na muhuri uliotangulia ni wa kweli. Hausemi lolote kuhusu kama darasa la 10 ni sawa na Kidato cha Nne. Mihuri inalinda karatasi isishukiwe kuwa ya kughushi, na hiyo ni faida kubwa, ila haitoi ulinganifu. Kama kuna nyaraka ya Kiarabu, cheti cha kuzaliwa kwa mfano ikiwa mtoto alizaliwa huko, itafsiriwe na mfasiri anayetambulika, na tafsiri iambatane na ya asili badala ya kuchukua nafasi yake.

Jina ni balaa la peke yake. Sisi tunaandika jina la mtoto, la baba na la babu. Karatasi ya CBSE ina jina la mtahiniwa katika mstari mmoja na jina la baba katika mstari wake, kwa hiyo jina la babu linaweza kuachwa wakati wa usajili, au "bint" ya kwenye hati ya kusafiria ikaingizwa kama sehemu ya jina. Mtoto anaonekana watu wawili. Kama kosa liko kwenye karatasi ya bodi, marekebisho yanaombwa kupitia shule ya kule, na yanakubaliwa kwa urahisi zaidi pale rekodi za shule zinapoonyesha jina sahihi tangu mwanzo. Kama tofauti ni jina la babu kukosekana tu, wazazi hutumia kiapo kilichoapwa mbele ya wakili au hakimu kinachosema majina yote mawili ni ya mtu mmoja. Kinachoharibu ni kubadilisha jina kwenye cheti cha kuzaliwa au hati ya kusafiria katikati ya maombi. Hapo faili lina majina matatu.

Barua ya kuomba kibali iwe fupi na ya kikazi. Anaandikiwa Kamishna wa Elimu, Wizara ya Elimu, Sayansi na Teknolojia, Dodoma. Kichwa kinaweza kuwa: YAH: MAOMBI YA KIBALI CHA KUENDELEA NA MASOMO KWA MWANAFUNZI ALIYESOMA NJE YA NCHI. Aya ya kwanza itaje mzazi ni nani, mtoto ni nani kwa majina yake kama yalivyo kwenye cheti cha kuzaliwa, uraia wake na sababu ya familia kurudi. Aya ya pili ieleze alisoma wapi, mwaka gani hadi mwaka gani, chini ya bodi gani, na mtihani gani wa mwisho alioufanya. Aya ya tatu itaje shule iliyokubali kumpokea, kidato na mchepuo. Barua ya shule hiyo iambatishwe, pamoja na nakala za vyeti, ripoti, cheti cha kuzaliwa na hati ya kusafiria. Nimeona barua za kurasa tatu zilizojaa masikitiko ya mama, na namwelewa kila aliyeziandika. Lakini afisa anatafuta mambo sita au saba, na akiyakuta ukurasa wa kwanza anasaini mapema zaidi.

Kalenda ndiyo inayobana. Mtihani mkuu wa darasa la 10 wa CBSE hufanyika Februari na Machi, matokeo hutoka wiki kadhaa baadaye. Kidato cha Tano huanza Julai. Hapo katikati kuna nafasi ndogo ya kukusanya mihuri, kusafiri, kupeleka maombi na kusubiri majibu. Mtoto wa Cambridge ana hali ngumu zaidi, maana matokeo ya mitihani ya Mei na Juni hutoka Agosti, masomo huku yameshaanza. Tena uchaguzi wa Kidato cha Tano wa TAMISEMI unafuata matokeo ya Kidato cha Nne ya NECTA, na mtoto ambaye hakufanya mtihani huo hayumo kwenye orodha hata angekuwa na alama za juu kiasi gani. Ndiyo maana wengi huanzia shule binafsi.

Na shule binafsi hupokea. Inampa mtoto dawati, sare na ratiba, kwa sharti la mdomo kwamba nyaraka zitakuja. Mwaka mmoja unapita kwa amani. Kisha inafika zamu ya kusajili watahiniwa wa Kidato cha Sita. Mfumo wa NECTA unataka sifa za Kidato cha Nne za kila mtahiniwa: wenzake wanaweka namba zao za mtihani, binti hana ya kuweka. Anatakiwa awe na ulinganifu, na sasa ndipo familia inaanza kutafuta cheti cha uhamisho Maskati, ambako hawana tena kibali cha kuishi. Mkuu wa shule hana uwezo wa kumsajili kwa huruma. Na hata angepita hapo kwa namna yoyote, chuo kikuu na Bodi ya Mikopo watauliza namba ileile ya ulinganifu. Ninaona uchungu hasa kwa sababu mtoto huyo amesoma, amefaulu, na anazuiwa kwa karatasi ambayo ingepatikana kwa urahisi miezi kumi na minane nyuma.

Kwa wadogo zake hali ni tofauti. Aliyekuwa darasa la 6 hana mtihani wa bodi, anahitaji kibali, ripoti na kupimwa na shule, kisha aingizwe kwenye mfumo wa PREM ambao NECTA huutumia kuwafuatilia wanafunzi, apate namba yake. Kama ataingia sekondari, mzazi ajitahidi aingie kabla ya Upimaji wa Kidato cha Pili. Rekodi ya upimaji huo ndiyo inayombeba mwanafunzi kuelekea mtihani wa Kidato cha Nne, na anayeingia Kidato cha Tatu akitokea nje bila rekodi hiyo anaanza tena kueleza kwa nini hana. Familia nyingi hukataa kumrudisha mtoto darasa moja nyuma kwa kuona ni fedheha. Mimi ningemrudisha. Mwaka mmoja wa Kidato cha Pili unampa Kiswahili cha darasani alichokikosa, na unampa rekodi safi ya mitihani.

Barua ya ulinganifu ikitoka, isomwe palepale kabla ya kukunjwa: herufi za jina, jina la bodi, mwaka wa mtihani, kila somo na daraja lake, na namba ya ulinganifu. Kosa likiwamo liripotiwe wakati faili bado liko mikononi mwa afisa aliyelishughulikia. Ya asili ibaki kwa mzazi. Nakala iliyothibitishwa iende kwa mwalimu wa taaluma, na mzazi amwombe amwonyeshe mahali alipoiweka katika faili la mtoto, kwa kuwa mwalimu huyo anaweza kuwa amehamishwa siku ya usajili wa Kidato cha Sita ikifika.